Kesi ipi itangulie? Kupanga rejea katika memo ya kisheria ya saa tatu

Ukiingia BAILII au Find Case Law, hifadhi mbili za hukumu za Uingereza zisizolipiwa, ukatafuta kesi za vifungu vya mkataba vinavyokataza mabadiliko ya mdomo, utapata hukumu nyingi kuliko unavyoweza kuzisoma kwa wiki nzima. Wakili mwandamizi aliyekutuma amekupa saa tatu. Orodha ya ulivyovipata haimsaidii. Anataka kujua ni ipi kati ya hizo itamfunga jaji, ipi itamshawishi tu, na ipi haina haja hata ya kutajwa.

Kazi hiyo ina vipimo viwili, na memo nyingi dhaifu huvichanganya. Kipimo cha kwanza ni uzito: je, mahakama itakayosikiliza shauri hili inalazimika kuufuata uamuzi huo? Cha pili ni uhusiano: je, uamuzi huo ulijibu swali letu, au swali la jirani yake? Hukumu ya mahakama ya juu kabisa inaweza kuwa na uzito wote duniani na bado isiguse tunachoulizwa. Hukumu ya jaji mmoja wa ngazi ya chini inaweza kufanana na shauri letu kama pacha na bado isimfunge mtu yeyote. Anayepanga kwa uzito peke yake anaishia na kesi kubwa zisizojibu kitu. Anayepanga kwa kufanana kwa matukio anajenga juu ya kesi ambayo mpinzani ataiangusha kwa sentensi moja.

Tuchukue mfano, tuufuate mpaka mwisho. Kampuni ya uchapishaji imekodi mtambo kwa pauni 6,000 kwa mwezi. Mkataba unaongozwa na sheria ya Uingereza, na una kifungu kinachosema mabadiliko yoyote lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili ndipo yaanze kufanya kazi. Biashara inadorora. Mkurugenzi wa kampuni anampigia simu meneja wa mwenye mtambo, wanakubaliana kodi ishuke hadi pauni 4,000 kwa miezi sita. Hakuna kilichosainiwa. Mwezi wa pili, idara ya hesabu ya mwenye mtambo inatuma barua pepe kuthibitisha kuwa malipo yamepokelewa “kwa kiwango kipya” na kwamba “hakuna karatasi nyingine inayohitajika”. Mkataba ulimpa mkodi, yaani kampuni ya uchapishaji, nafasi moja ya kuuvunja na kuurudisha mtambo kabla ya tarehe fulani. Kwa kuwa kodi imeshuka, anaiacha nafasi hiyo ipite. Miezi sita inakwisha, na mwenye mtambo anadai tofauti yote: pauni 12,000.

Swali la kwanza linalokuja kichwani ni “Je, makubaliano ya simu ni halali?” Swali hilo ni pana mno kwa saa tatu. Ndani yake kuna angalau maswali manne: kama kifungu kile kina nguvu, kama barua pepe ile ni maandishi yaliyosainiwa, kama ahadi ya kupunguza deni inafunga pale mdaiwa asipotoa kitu chochote badala yake, na kama mwenye mtambo anaweza kuzuiwa kukitegemea kifungu baada ya mwenendo wake. Memo inachukua moja. Tuchukue la mwisho, na tuliandike hivi: “Kwa sheria ya Uingereza, je, mkodi aliyeacha haki yake ya kuvunja mkataba kwa kutegemea punguzo la mdomo, lililothibitishwa baadaye na mwenye mali, anaweza kumzuia mwenye mali huyo kutumia kifungu kinachotaka mabadiliko yaandikwe na kusainiwa?” Maswali mengine matatu yanatajwa kwa mistari michache, ili msomaji ajue yameonekana na yameachwa kwa makusudi. Lile la barua pepe hasa lisifichwe, kwa sababu katika Golden Ocean dhidi ya Salgaocar ya 2012 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa jina lililochapwa mwishoni mwa barua pepe linaweza kuhesabiwa kuwa saini. Likijibiwa vizuri, swali hilo linaweza kuondoa haja ya memo yetu yote, ingawa kifungu chetu kinadai saini za pande zote mbili.

Swali lenyewe limebeba matukio mawili mahususi: uthibitisho wa baadaye na haki iliyoachwa. Nimeyaweka ndani yake kwa sababu, kama tutakavyoona, sheria inageukia hapo hapo. Swali lisilo na matukio humwachia mtafuta kila kesi ionekane inahusu.

Sasa ngazi. Shauri la pauni 12,000 litaanzia mahakama ya kaunti, na hiyo inafungwa na kila mahakama iliyo juu yake: Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani na Mahakama ya Juu. Maamuzi ya Baraza la Malodi, lililokuwa kilele cha ngazi hiyo hadi 2009, yanabeba uzito ule ule wa Mahakama ya Juu. Mahakama ya Rufani kwa kawaida inafungwa pia na maamuzi yake yenyewe, kanuni iliyowekwa katika Young dhidi ya Bristol Aeroplane mwaka 1944 pamoja na mianya yake michache. Hukumu za nchi nyingine, hata za majaji mashuhuri, zinashawishi tu.

Ngazi hii kila mwanafunzi wa sheria anaijua. Kinachosumbua ni kwamba kinachofunga ndani ya hukumu ni sehemu yake tu: sababu ya uamuzi, yaani hoja ambayo bila hiyo matokeo yasingesimama. Mengine ambayo jaji ameyasema njiani ni maoni ya pembeni. Kwa hiyo uzito unapimwa aya kwa aya. Hukumu moja inaweza kuwa ya kwanza kwenye orodha yako kwa aya moja na ya nne kwa aya nyingine.

Kesi ambayo kila utafutaji utaileta juu ni MWB dhidi ya Rock Advertising, [2018] UKSC 24, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu tarehe 16 Mei 2018. Rock ilikuwa imepanga ofisi za MWB jijini London, ikawa na malimbikizo ya zaidi ya pauni 12,000, na ilidai kuwa afisa wa MWB alikubali kwa simu ratiba mpya ya malipo. Mkataba ulikuwa na kifungu kama chetu. Jaji wa mwanzo alikipa kifungu nguvu. Mahakama ya Rufani ikamgeuza mwaka 2016, kwa hoja kwamba watu waliofunga mkataba wana uhuru wa kuubadilisha wakati wowote, hata kama waliwahi kuahidi kutofanya hivyo kwa mdomo. Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ya mwanzo. Jaji Sumption, aliyeungwa mkono na wenzake watatu, alisema kifungu kama hicho kina nguvu kisheria. Jaji Briggs alifikia matokeo yale yale kwa njia nyembamba zaidi.

Hapo mtafuta mwenye haraka anaandika: “Rock inafunga, mteja anashindwa.” Lakini sababu ya uamuzi ule inajibu swali la kama kifungu kina nguvu, na sisi hatukuuliza hilo. Tumeuliza kama mtu anaweza kuzuiwa kukitumia. Kwa hilo lazima ushuke hadi aya ya 16, na hiyo ndiyo aya ninayotaka kukaa nayo.

Katika aya hiyo Jaji Sumption anakubali kwamba kifungu cha aina hii kina hatari: mtu anaweza kutekeleza mkataba kama ulivyobadilishwa kwa mdomo, kisha akajikuta hawezi kuyadai mabadiliko hayo. Kinga dhidi ya dhuluma hiyo, anasema, ni kanuni za kizuizi cha kukana, zile zinazomzuia mtu kukana jambo alilomfanya mwenzake aliamini na kulitegemea. Anasema wazi kwamba hapo si mahali pa kuchunguza ni lini kizuizi hicho kinapatikana. Bado anaweka mpaka wa chini kabisa. Kwanza, lazima kuwe na maneno au mwenendo ulioonyesha bila utata kwamba mabadiliko ni halali licha ya kutofuata utaratibu wa maandishi. Pili, lazima kuwe na jambo zaidi ya ile ahadi ya mdomo yenyewe.

Aya hii ina uhusiano mkubwa kuliko chochote kingine utakachokipata, na imetoka mahakama ya juu kabisa. Hata hivyo mwandishi wake mwenyewe amekwambia kwamba haamui suala zima. Rock walikuwa wamefanya machache mno kustahili kinga hiyo, kwa hiyo mahakama haikulazimika kueleza ni kipi kingetosha. Memo ya kweli inasema hivyo kwa maneno yasiyokwepa: sehemu inayokipa kifungu nguvu inafunga, masharti mawili ya aya ya 16 salama yachukuliwe kuwa maoni ya pembeni yenye uzito wa juu sana, ambayo mahakama ya chini haitarajiwi kuyapuuza. Kuandika “inafunga” kwa vyote viwili ni kumpa wakili mwandamizi kauli ambayo mpinzani wake anaweza kuitoboa. Kuandika “ni maoni tu” ni kumdanganya kwa upande wa pili. Mpango mzima wa rejea unasimama au kuanguka kwenye upimaji wa aina hii, na programu ya kutafuta kesi haiwezi kukufanyia.

Aya ya 16 inakupeleka kwenye kesi ya pili: Actionstrength dhidi ya International Glass, [2003] UKHL 17, ya Baraza la Malodi. Kampuni moja ilitoa wafanyakazi kwa kutegemea dhamana ya mdomo. Sheria ya mwaka 1677 inataka dhamana ya namna hiyo iandikwe na kusainiwa. Baraza lilikataa kwamba ahadi ya mdomo pamoja na kuitegemea vinatosha kuzaa kizuizi, kwani vingetosha, sheria ingebaki ganda tupu. Hapa kizuizi kilikuwa kiini cha shauri, kwa hiyo hoja hii ni sababu ya uamuzi na inafunga. Uhusiano wake ndio unaopungua kidogo: sharti la maandishi kule liliwekwa na Bunge, na letu limewekwa na wahusika wenyewe. Wakili wa mteja wetu anaweza kusema sharti la watu binafsi lastahili kulegezwa kwa urahisi zaidi. Atakutana na ukweli kwamba Jaji Sumption aliitumia kesi hiyo kama msingi wa masharti yake mawili bila kujali tofauti hiyo. Memo itaje hoja, na itaje pia kikwazo chake.

Ya tatu ni Kabab-Ji dhidi ya Kout Food, [2021] UKSC 48. Wanaosoma haraka wanaipita kwa sababu imeandikwa kama kesi ya usuluhishi wa kibiashara, kuhusu tuzo iliyotolewa Paris. Ndani yake Mahakama ya Juu ilirudi kwenye vifungu vya aina hii na kwenye swali la mwenendo unaoweza kumzuia mtu kuvitegemea, na haikuona ushahidi wa kutosha kuruhusu hoja hiyo iendelee. Kwetu inafaa kwa sababu mbili. Inaonyesha Mahakama ya Juu haijaiacha Rock, na inaonyesha kwamba kupita kwa muda huku pande mbili zikifanya kazi pamoja hakutoshi chenyewe. Matukio yake yako mbali na yetu, maana pale iligombaniwa kama kampuni nyingine imeingia kuwa mhusika wa mkataba. Hakukuwa na punguzo la malipo. Ndiyo maana inakuja baada ya Actionstrength licha ya kuwa mpya zaidi.

Baada ya hizo tatu, uzito unaporomoka ghafla, na hapa ndipo kesi maarufu humpoteza mtu. High Trees ya mwaka 1947 inajulikana na karibu kila aliyesoma sheria ya mikataba ya Kiingereza: mwenye jengo alikubali kupunguza kodi wakati wa vita, na Jaji Denning akasema asingeweza kudai tofauti ya kipindi hicho. Matukio yanafanana na yetu mno. Ila ni hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu, kauli yake kuhusu kipindi cha vita haikuwa ya lazima kwa dai lililokuwa mbele yake, na mkataba ule haukugombaniwa kwa kifungu cha kukataza mabadiliko ya mdomo. Ikitajwa, itajwe kwa kueleza kanuni ya jumla tu, na hata hapo Hughes dhidi ya Metropolitan Railway ya 1877, iliyotoka Baraza la Malodi, ina uzito zaidi kwa kanuni hiyo hiyo. Umaarufu wa kesi hauongezi hata punje kwenye mizani.

Kisha zipo kesi zilizokufa zinazoonekana hai. Mahakama ya Rufani katika Globe Motors dhidi ya TRW, mwaka 2016, ilieleza kwa kirefu kwa nini vifungu hivi havizuii mabadiliko ya mdomo. Ukiisoma peke yake utaamini umempata mwokozi wa mteja wako. Kauli ile ilikuwa ya pembeni, na miaka miwili baadaye Rock iliikataa. Hukumu ya Mahakama ya Rufani katika Rock yenyewe ina hatari nyingine: ilipinduliwa kuhusu kifungu, lakini Mahakama ya Juu ilikataa kwa makusudi kuamua sehemu yake nyingine, ile ya kama ahadi ya kupunguza deni inahitaji kulipiwa kwa kitu kingine. Sehemu hiyo imebaki ikining’inia. Njia ya kugundua mambo haya kwenye hifadhi zisizolipiwa ni ya mikono: tafuta jina la kesi kama maneno ndani ya hukumu zilizotolewa baada yake, anza na ya karibuni zaidi kutoka mahakama ya juu zaidi, kisha usome aya zinazoitaja. Muhtasari ulio juu ya ripoti hautoshi, kwa kuwa haukwambii kesi ilifanywa nini baadaye.

Mwisho wa orodha ni rejea za nje. Mahakama ya Rufani ya Singapore, katika Charles Lim dhidi ya Hong Choon Hau ya 2021, ilisema haikubaliani na Rock na kwamba kifungu kama hiki kinaleta dhana inayoweza kukanushwa tu. Nayo ilisema kwa pembeni. Kwa jaji wa Uingereza haina nguvu dhidi ya Rock, kwa hiyo inapewa sentensi moja. Kinachofaa zaidi ni ibara ya 29(2) ya mkataba wa kimataifa wa mauzo ya bidhaa wa mwaka 1980, inayotambua vifungu hivi na papo hapo kusema mwenendo wa mtu unaweza kumzuia kuvitegemea kwa kadiri mwenzake alivyoutegemea. Mkataba huo haugusi ukodishaji, na Uingereza haikuwa imeuridhia Rock ilipoamuliwa. Jaji Sumption aliutaja kama ushahidi kuwa kifungu na kizuizi vinaweza kuishi pamoja. Sentensi moja pia.

Kuhusu saa zenyewe, mimi huzigawa vibaya kwa makusudi. Nusu saa ya kwanza ni ya kuandika swali na kupanga matukio. Saa moja na robo ni ya kutafuta na kusoma, na ndani yake aya ya 16 peke yake inaweza kula dakika 20, kwani naisoma pamoja na aya zilizoitangulia. Saa moja ni ya kuandika. Robo ya mwisho ni ya kufungua tena kila kesi niliyoitaja na kuhakiki namba ya aya, ngazi ya mahakama, na kama jaji niliyemnukuu alikuwa upande wa walio wengi. Ukimnukuu Briggs ukidhani ni Sumption, umeeleza msimamo ambao wenzake wanne hawakuufuata. Kutafuta kunakoma pale kesi mpya zinapoanza kukurudisha kwenye zile zile ulizokwisha kuzisoma. Ukiendelea baada ya hapo unakusanya tu.

Jambo moja linaondoa orodha kwenye upendeleo: rejea zinazomuumiza mteja zinapangwa kwa mizani ile ile, hazisukumwi chini. Mawakili wa Uingereza wana wajibu wa kuhakikisha mahakama ina maamuzi yote yanayohusika, yakiwemo yanayowapinga, hivyo kuificha Actionstrength ni kumtega wakili wako mwenyewe.

Jibu fupi linalokaa juu ya memo, lililoandikwa mwisho, linakuwa hivi: “Huenda ndiyo, ingawa si kwa uhakika. Kifungu kina nguvu (Rock, inafunga). Kizuizi kinawezekana mteja akionyesha kauli isiyo na utata kwamba punguzo ni halali bila maandishi, pamoja na jambo zaidi ya ahadi yenyewe (Rock, aya ya 16, maoni yenye uzito wa juu sana, Actionstrength, inafunga, ila kuhusu sharti la kisheria). Barua pepe ya mwezi wa pili inaelekea kutimiza la kwanza, iwapo aliyeituma alikuwa na mamlaka ya kusema hivyo. Haki ya kuvunja mkataba iliyoachwa ndiyo hoja bora kwa la pili, iwapo iliachwa baada ya barua pepe hiyo kufika. Hatujapata uamuzi unaofunga uliotoa kizuizi kwa matukio kama haya.”

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi huikata kwa kuona aibu, ilhali wakili mwandamizi ataitafuta kabla ya nyingine zote. Na tarehe mbili, ya barua pepe na ya kupita kwa haki ile, hazimo kwenye hifadhi yoyote ya hukumu. Anayezijua ni mteja, na simu kwake ipigwe ndani ya ile nusu saa ya kwanza.